Maswali na majibu: nyaya za shaba, mizani na bei ya yadi ya vyuma chakavu

Wakusanyaji wananiletea nyaya za shaba zikiwa bado na plastiki. Nikilipa bei ya shaba tupu napata hasara, nikikisia wananiita mwizi. Nipime vipi? (Ndeeba, Kampala)

Acha kukisia, menya sampuli mbele ya mwenye mzigo. Tenganisha kwanza nyaya kwa aina, kwa maana waya mnene wa nyumba na waya mwembamba wa redio haviwezi kulipwa bei moja. Waya mwembamba mara nyingi huwa na plastiki nyingi kuliko shaba. Kisha kata vipande kutoka sehemu tatu za rundo, si ncha moja tu, kwani wapo wanaofunika waya mbaya kwa mzuri. Vipime pamoja kwenye mizani ndogo, vimenye kwa kisu, upime shaba peke yake.

Tuseme mkusanyaji ameleta kilo 14 za waya wa nyumba. Vipande vyako vina gramu 500, na baada ya kumenya shaba ni gramu 310. Hiyo ni asilimia 62. Kama siku hiyo shaba safi unainunua kwa shilingi 28,000 kwa kilo, basi kilo ya waya huo ina shaba ya shilingi 17,360. Toa gharama ya kumenya: kijana anayelipwa 20,000 kwa siku na kumenya kilo 20 anakugharimu 1,000 kwa kilo. Inabaki 16,360, lipa 16,300. Kilo 14 zinakuwa 228,200. Ukikisia nusu kwa nusu ungemlipa 182,000, na tofauti ya 46,200 ndiyo ingempeleka yadi ya jirani wiki ijayo.

Huna haja ya kurudia kazi hii kila siku. Gongomea ubao karibu na mizani, funga juu yake kipande cha kila waya mliokwisha kuujaribu, na uandike asilimia chini yake. Mkusanyaji akileta waya unaofanana, mnauweka kando ya kipande na kulinganisha. Bishano likitokea, kisu kiko pale pale.

Waya uliochomwa usiulipe bei ya waya uliomenywa. Shaba yake huwa nyeusi na yenye majivu, nyuzi nyembamba hukatika ovyo, na wanunuzi wakubwa huishusha daraja. Moshi wa plastiki ile nao ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani zake. Itangaze bei mbili waziwazi, moja ya waya uliomenywa na nyingine ya uliochomwa, na utaona wengi wanaanza kutumia kisu.

Nimenunua "shaba" ikakataliwa na mnunuzi mkubwa, akasema ndani ni kitu kingine. Ningeijuaje? (Mbale)

Rangi ya nje haiamui kitu. Anza na sumaku: ikishika, ndani kuna chuma, hata kama nje inang'aa nyekundu. Isiposhika, usifurahi bado, kwa sababu alumini iliyofunikwa kwa shaba haishikwi na sumaku. Piga tupa mahali pamoja mpaka upite ngozi ya juu, au kata ncha kwa koleo na uitazame juani. Shaba huwa nyekundu mpaka kiini, na alumini huonyesha weupe katikati. Kwenye koili za mota angalia zaidi, maana rangi ya kuzuia umeme inaweza kuifanya alumini ionekane kama shaba. Kwangua kwa kisu.

Tupa inamtetea mkusanyaji pia. Kuna waya wa shaba uliopakwa bati, nje mweupe kabisa, na mnunuzi mvivu huulipa bei ya alumini. Bomba la maji la kung'aa huweza kuwa la shaba ya njano chini ya ngozi ile, au la zinki, ambalo ukilipiga tupa hubaki la kijivu. Kama sumaku inashika sehemu tu ya bomba, huenda ni kijiti cha chuma kilicho ndani. Kitolewe kabla ya kupima, mkusanyaji akione, naye akipimiwe kama chuma.

Nina mizani moja ya kilo 300. Kwa nini wanaoleta shaba kidogo wanadai nawaibia, na mizani ni mpya? (Mbarara)

Kwa mzigo wao, wana haki ya kulalamika. Mizani ya namna hiyo mara nyingi husoma kwa hatua za gramu 100. Mtu akileta gramu 640, itaandika 0.6, na gramu 40 zimepotea. Kwa shaba ya 28,000 hizo ni shilingi 1,120. Kesho inaweza kukuonea wewe. Mizani ya biashara ya kawaida haifai kupima chini ya hatua zake 20, yaani kilo 2 kwa mizani yako. Nunua ndogo ya kilo 30 inayosoma kwa gramu 5 au 10 kwa ajili ya shaba na alumini, na zote mbili zihakikiwe na kupigwa muhuri na UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Kila asubuhi safisha chini ya bamba, hasa udongo na vipande vya chuma vilivyokwama, hakikisha limelala sawa, halafu weka uzito mmoja unaoujua kwenye pembe nne moja baada ya nyingine. Pembe moja ikisoma tofauti, usipime mpaka itengenezwe. Jerikani ya maji inatosha kama uzito wa kujaribia, lakini usidhani ni kilo 20 kwa kuwa imeandikwa lita 20: ukiijaza mpaka mdomoni huingia zaidi, na plastiki yenyewe ina uzito wake. Ipime mara moja kwenye mizani iliyohakikiwa, ifunge kifuniko kisifunguke, uandike uzito juu yake. Na gunia lipimwe tupu, litolewe kwenye hesabu huku mwenyewe akiona.

Bei ya chuma cha kawaida niipange kwa kufuata jirani? (Malaba)

Ianzie kiwandani, urudi nyuma. Kwa mfano, kiwanda cha Jinja kinalipa 1,500 kwa kilo ya chuma kizito. Lori la tani 10 kwa 600,000 ni 60 kwa kilo, kupakia 25, makato ya udongo na kutu asilimia 3 ni 45, uwanja na mlinzi 70, faida 100. Jumla 300, kwa hiyo unanunua 1,200. Mabati yapangie bei yake ya chini, maana yanajaza lori bila uzito na hupotea zaidi tanuruni. Shokomzoba na mitungi iliyofungwa usiichanganye na chuma kingine. Kiwanda hukataa vyombo vilivyofungwa kwa sababu hulipuka ndani ya tanuru.

Kijana ameleta waya mnene wa alumini uliosokotwa, katikati una chuma. Ninunue? (Iganga)

Usinunue. Huo ni waya wa laini za umeme, na mtu wa kawaida haokoti kitu kile njiani. Vivyo hivyo vyuma vya pembe vyenye matundu ya boliti kutoka minara, vipande vya reli na vifuniko vya mitaro. Sheria ya Umeme ilirekebishwa 2022 na kuongeza adhabu za uharibifu wa miundombinu. Kwa mzigo wowote wa shaba au alumini, andika jina, namba ya kitambulisho cha taifa, simu, uzito na tarehe kabla ya kulipa. Anayekataa kuandikwa, mrudishie mzigo wake.