Ukucha Wangu wa Njano Ulivyonifunza Adabu

Juzi kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimemeza amoksilini wiki mbili, kidole gumba cha mguu bado kina ukucha wa njano na mnene. Niongeze dozi?" Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe, mtu niliyekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka 12, nilihangaika na ukucha wa namna hiyohiyo, wenye fangasi, karibu miaka mitatu. Amoksilini sikumeza, hapo najisifu kidogo. Makosa mengine yote niliyafanya.

Nianze na dawa yake. Amoksilini huharibu ukuta wa bakteria, ukuta uliofumwa kwa kitu ambacho mwili wa binadamu hauna kabisa. Ndiyo maana dawa za bakteria zinaweza kupiga kwa nguvu na sisi tukabaki wazima. Fangasi hana ukuta wa aina hiyo. Ana wa kwake, na zipo dawa za kuubomoa, ila nyingi ni za mishipani, kwa wagonjwa mahututi, na kwenye ukucha hazina msaada. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba fangasi ni jamaa yetu. Seli yake ina kiini kama yetu, inatengeneza protini karibu kama sisi, na mitambo yake mingi ya ndani inafanana na ya kwetu. Ukitafuta sumu ya kumuua, mara nyingi umepata sumu ya kukuua na wewe.

Mwanya mmoja uliopatikana ni mafuta ya utando wake. Utando wa seli zetu hukazwa na kolesteroli. Wa fangasi hukazwa na ergosteroli. Ukizichora ubavu kwa ubavu utadhani ni pacha: ergosteroli imezidi viungo viwili vya kemia na kichipukizi kimoja kidogo mkiani. Juu ya tofauti hiyo ndogo ndipo zinaposimama dawa nyingi za fangasi unazozijua.

Amfoterisini B huing'ang'ania ergosteroli yenyewe na kuing'oa kwenye utando. Inaua vizuri, lakini kolesteroli yetu nayo huguswa kidogo, na figo ndizo zinazolipa. Flukonazoli, klotrimazoli na ndugu zao huzuia kimeng'enya kinachoitengeneza ergosteroli. Kimeng'enya hicho ni cha ukoo mmoja na vile vya ini letu vinavyosafisha dawa nyingine, kwa hiyo anayemeza flukonazoli pamoja na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kutokwa damu asijue imetoka wapi. Tebinafini, iliyonihusu mimi, huziba njia hatua kadhaa kabla: skwaleni, malighafi ya ergosteroli, inashindwa kugeuzwa, inarundikana ndani ya seli, na fangasi wa ngozi na kucha anakufa kwa kukosa ergosteroli na kwa kulemewa na rundo hilo. Sisi pia tunacho kimeng'enya hicho, kwa ajili ya kolesteroli, ila chetu hakishtuki kwa dozi ya kawaida.

Haya yote niliyajua. Niliyasoma, nikafanyia mtihani, nikafaulu. Kisha nikapaka krimu ya klotrimazoli juu ya ukucha miezi mitatu.

Fikiria nilichokuwa nafanya. Fangasi yuko chini, kati ya ukucha na nyama, na mimi napaka juu ya sahani ngumu ambayo krimu haipenyi. Dada yangu aliniona siku moja nimekunja mguu kitandani napaka, akaniuliza, "Si wewe ndiye mwenye dawa?" Neno hilo bado linanichoma.

Nikahamia vidonge vya tebinafini, miligramu 250 kwa siku. Kwa ukucha wa mguu kozi yake ni wiki 12, wa mkono wiki 6. Wiki ya tano nikautazama ukucha: njano ileile, unene uleule. Nikasema dawa hii haina lolote, nikaacha. Na hapa ndipo ningependa wasomaji wangu mtulie, maana najua wengi wenu mnataka kile ninachokitaka mimi, ukucha safi haraka.

Ukucha unaouona umeshakufa. Hakuna dawa itakayougeuza kuwa mweupe. Unachosubiri ni mpya ukue kutoka kwenye shina na kuusukuma wa zamani nje. Wa mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo wa kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kubadilika wote. Mtu aliyezoea jipu kupoa ndani ya siku nne kwa antibayotiki ataona ameibiwa. Katika wiki tano zangu, ukucha wenye afya uliokuwa umetoka pale chini haukufika hata milimita 2, umejificha kwenye ukingo wa ngozi. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Niliyeshindwa kusoma ni mimi. Miezi michache baadaye ule ukingo nao ukawa njano.

Mara ya tatu nilimeza kiburi kwanza. Nikaenda maabara, kwa sababu karibu nusu ya kucha zilizoharibika hivi si fangasi: ni viatu vinavyobana, ni soriasisi, ni jeraha la zamani. Fundi hakuchukua unga wa nchani, ambako fangasi wengi wameshakufa. Aliukata ukucha nyuma, akakwangua chini yake karibu na mpaka wa sehemu yenye afya, akaweka tone la potasiamu haidroksaidi kuyeyusha ukucha, na chini ya hadubini nyuzi zilionekana wazi, zenye matawi. Wangekosa kuziona, ningerudia, kwa kuwa kipimo hiki huwakosa wengi. Daktari akapima ini, akauliza dawa nyingine ninazotumia, ndipo akaandika wiki 12.

Siku ya kwanza nilichukua tupa ya kucha nikachora mkwaruzo mwembamba pale njano ilipoishia upande wa shina. Kama mkwaruzo unasogea mbele na nyuma yake ukucha unatoka safi, unashinda. Njano ikiuvuka kurudi nyuma, unashindwa, rudi kwa daktari. Kila tarehe 1 niliweka rula. Mwezi wa tatu, nikimaliza kidonge cha mwisho, ulikuwa umesogea milimita 4 tu na ukucha kwa ujumla ulikuwa unatisha vilevile. Sikuongeza vidonge. Tebinafini hujibanza kwenye ukucha na kuendelea kukaa humo kwa miezi baada ya kuacha kumeza.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kujiandikia dawa. Msimeze antibayotiki kwa fangasi. Msiache katikati. Nasema tena, msiache katikati! Na tibuni ngozi ya kati ya vidole, maana fangasi akibaki pale atarudi kwenye ukucha kama mpangaji mwenye funguo. Mnaotumia krimu zenye steroidi kwa choa, mwasho unapoa na duara linafifia, huku fangasi anasambaa kwa raha. Wateja wangu nimewakataza hilo mpaka nimechoka.

Kipande cha mwisho cha njano nilikikata mwezi wa 14. Nimekiweka kwenye bahasha, na dada yangu anasema nina wazimu. Yule kijana nilimwambia aache amoksilini, aende kukwanguliwa ukucha kwanza. Amesoma ujumbe, hajajibu.