Fundi bomba haji mara moja tu: kwa maforemani wapya mnaochora ratiba

Wadogo zangu, wiki iliyopita nimepita saiti mbili za kuongeza chumba nyuma ya nyumba, na kote nimekuta ratiba ileile imebandikwa: msingi, kuta, bati, halafu pau moja ndefu "Fundi bomba" na chini yake nyingine "Fundi umeme". Nimeumia, kwa sababu nami nilichora hivyohivyo.

1. Chora pau kwa kila safari ya fundi. Fundi bomba wa chumba chenye choo anakuja mara tatu: kabla ya zege la jamvi, baada ya kuta lakini kabla ya lipu, na mwisho baada ya tailizi, kufunga sinki na choo. Fundi umeme anakuja kuchimbia paipu na boksi kabla ya lipu, kisha anarudi baada ya rangi kufunga swichi na soketi. Ukimpa kila mmoja pau moja, safari ya kwanza inapotea.

Kwangu ilipotea ya bomba. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, Dar es Salaam, chumba cha mita 4 kwa 5 na choo ndani. Mama mwenye nyumba alikuwa anamjengea mama yake, mzee asiyeweza tena kutoka usiku kwenda choo cha uani. Jamvi niliipangia Alhamisi ya wiki ya pili. Kokoto na mchanga vilishafika, mikisa tumeikodi kwa siku, vijana wa zege wamekaa tayari. Asubuhi ile fundi mkuu akaniuliza, "Foremani, choo kitatokea wapi?" Nikatazama karatasi. Karatasi ilisema bomba ni wiki ya nne, na mabomba ya inchi 4 yenyewe nilikuwa sijayaagiza. Niliogopa kulipa mikisa na vijana bure siku nzima. Nikamwambia, "Mwaga."

Wiki ya nne fundi bomba akaingia, akatazama sakafu, akaweka mfuko wake chini bila kusema neno. Siku mbili tuligonga tindo, kutoka choo kilipo hadi nje, tukapasua jamvi na kutoboa ukuta wa msingi. Bomba la maji machafu halilali tambarare: kutoka choo hadi chemba palikuwa na mita 6, na kwa mteremko wa 1 kwa 40 mwisho wake lazima ushuke sentimita 15. Kwa hiyo mfereji ulizidi kwenda chini kadiri tulivyosogea nje, na nailoni ya kuzuia unyevu ikachanika njia nzima. Tuliiunga na kumwaga zege la kiraka. Masika yalipofika, unyevu ukapanda palepale kwenye kiraka, rangi ya chini ya ukuta ikavimba, na bibi yule alikuwa analala upande huo. Nilirudia ukuta ule kwa mshahara wangu. Fedha imesahaulika, ila godoro lake lililoanikwa uani bado naliona.

Ilihitajika pau ya siku moja tu, kati ya kushindilia kifusi na kumwaga zege: bomba la chini. Mwambie fundi azibe mwisho wa bomba, alijaze maji, asubiri. Maji yakishuka, kuna kiungo kinavuja, na hapo bado unakifikia kwa mkono.

2. Juu ya kila pau ya kazi weka alama ya siku vifaa vinapofika saiti. Siku ya kuagiza haitoshi. Mabomba na elbo ziwepo siku mbili kabla, ili fundi azihesabu na kilichopungua kipatikane. Na madirisha ya alumini hupimwa lipu ikishapigwa, ndipo yaanze kutengenezwa, kwa hiyo kuna pau nzima ya kusubiri ambayo wengi wenu hamuichori. Mkifika kwenye rangi mnashangaa vumbi linaingia.

Saruji usiilete yote siku ya kwanza.

3. Zege la lenta nalo lina pau yake ingawa hakuna fundi anayeonekana: siku saba za kumwagilia. Kijana mmoja wangu alizifuta ili ratiba ipendeze kwa mwenye nyumba. Nilimrudishia karatasi mara mbili.

4. Ukuta wa kuingilia nyumba ya zamani uvunje baada ya bati, watu wanaishi mle ndani.

Kwenye ile saiti ya pili nilimuuliza foremani lipu inaanza lini. "Jumatatu, kaka." Boksi za umeme zimefika? "Ziko njiani." Tukakaa chini juu ya matofali, tukaisogeza lipu hadi Alhamisi, na palepale akampigia simu fundi wa lipu kabla hajapanda daladala na vijana wake.