Mtu wa Deni Akikupigia, Mwambie Aandike

Dada mmoja wa Nakuru aliniandikia juzi usiku. Alikopa shilingi 8,000 kwenye programu ya simu, biashara ikalala, na sasa kuna kijana anamdai 21,400 zilipwe kabla ya saa sita mchana, la sivyo madalali watakuja kubeba viti. Nilipousoma ujumbe wake moyo ulinienda mbio kana kwamba anayedaiwa ni mimi, maana hayo yalinipata.

Duka langu la mitumba lilipofungwa, mkopeshaji mmoja aliingia kwenye orodha ya namba zangu akawaandikia watu kwamba mimi ni tapeli. Mwenyekiti wa chama chetu aliupata ujumbe huo, na mama mkwe pia. Deni nililimaliza, lakini mama mkwe hadi leo nikimwomba kitu ananitazama mara mbili kabla ya kujibu. Sijasamehe, na sioni haya kusema hivyo.

Wakati ule nilidhani wana haki ya kunifanyia hivyo kwa sababu nilibofya "kubali" nilipopakua programu. Hawana. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutisha, kutukana, kuanika habari zako mtandaoni, na kutumia orodha yako ya namba kuwatumia watu ujumbe kwa sababu umechelewa kulipa. Kwa hiyo shemeji yako akitumiwa ujumbe, mwombe auhifadhi wenye namba na saa. Wewe nawe piga picha za skrini na usifute kitu, hata kama matusi yanakuumiza.

Ushahidi huo unapelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye hupokea malalamiko kwenye tovuti ya ofisi yake. Usidhani ni kupoteza muda. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatumia vitisho.

Sasa hao madalali. Mkopo wa simu wa kawaida hauna dhamana. Hukuweka rehani kiti wala televisheni. Mkopeshaji akitaka mali yako lazima kwanza akushtaki, kwa kiasi kama hiki pengine katika Mahakama ya Madai Madogo, apate hukumu, ndipo dalali mwenye leseni aje na hati ya mahakama. Kijana wa simu hawezi kumtuma mtu mlangoni kwako leo mchana. Lakini ukiletewa samansi halisi ya mahakama, nenda. Ukikaa kimya hukumu itatolewa bila wewe, na hapo dalali atakuwa na haki yake.

Kuhusu zile 21,400, ndugu zangu, msilipe namba mliyotajiwa kwa mdomo. Mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba anayoweza kukudai haipaswi kuzidi salio la mkopo wenyewe wakati huo. Kama dada alibakiwa na 8,000 zote, riba ikomee 8,000 nyingine, jumla 16,000. Kinachoweza kuongezeka ni gharama za kufuatilia deni, na hizo mdai azitaje moja moja. Zile 5,400 za ziada zina maelezo gani? Nilimwandikia dada maneno haya ayatume kama yalivyo:

"Nimepokea dai lako. Nitumie kwa maandishi jina la kampuni, leseni yake ya Benki Kuu, na taarifa ya mkopo inayoonyesha nilichokopa, nilicholipa, riba na gharama. Nitajibu nikishaipata. Usiwasiliane na mtu mwingine kuhusu deni hili."

Orodha ya wakopeshaji wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, basi linganisha jina. Ukishakubaliana nao kiasi na awamu, yaandikwe, kisha lipa kwenye Paybill ya kampuni yenyewe. Kijana akikwambia umtumie kwenye namba yake "akusaidie kupunguziwa", kataa. Pesa hiyo inaweza isifike kwenye akaunti ya mkopo, na utadaiwa tena mwezi ujao na mtu mwingine asiyemjua kijana huyo.

Msinielewe vibaya, sisemi mkwepe. Kumshtaki mkopeshaji kwa Kamishna hakufuti shilingi hata moja ya deni, na watu wanaonitumia ujumbe wakitafuta njia ya kutolipa huwa siwajibu. Mkopeshaji mwenye leseni anaweza kukuripoti CRB, wale wanaotunza rekodi za wanaolipa na wasiolipa mikopo, akikupa notisi ya siku 30 kabla. Siku hizo ndizo za kuelewana. Ukimaliza kulipa, omba barua ya kumaliza deni, kisha hakikisha ripoti yako CRB imebadilishwa, maana wengi wao hawaharakishi kurekebisha wakishapata chao.