30! kutoka sawa hakuthibitishi chochote: tazama chumba cha mwisho cha safu yako

Swali: "Naandika programu ya C ya kukokotoa 100! na baadaye 1000! kwa safu ya tarakimu, tarakimu ya mamoja ikiwa chumba cha kwanza. Nimelinganisha majibu hadi 30! na yote ni sahihi. Je, safu niipe ukubwa gani, na nifanyeje iwe na kasi zaidi nikifika 1000!? Sehemu ya kuzidisha ni hii:"

```c
c = 0;
for (i = 0; i < len; i++) {
    x = d[i] * n + c;
    d[i] = x % 10;
    c = x / 10;
}
if (c) d[len++] = c;
```

Ndugu, achana na kasi kwanza. Huo mstari wa mwisho naujua vizuri, kwa sababu ulininyima alama zote za zoezi zima, na kabla ya hapo ulinikosesha usingizi siku tatu. Hiyo `if` iondoe leo hii.

Fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Kokotoa 30!, kisha chapisha `d[len-1]` peke yake. Unatarajia kuona 2, kwa kuwa 30! inaanza na 2. Utaona 2652528. Chapisha na `len`: itakuambia 27, ilhali 30! ina tarakimu 33. Chumba ulichokusudia kiwe na tarakimu moja kimebeba saba, na wewe umekuwa ukijipongeza. Sikucheki, maana mimi nilijipongeza mbele za watu.

Chanzo chake kinaanzia 15!. Faktoria ya 14 ni 87178291200, kwa hiyo chumba cha juu kabisa kina 8. Ukizidisha kwa 15, mara nane kumi na tano ni 120, na kutoka chumba kilichotangulia unabeba 10, jumla 130. Unaandika 0 na kubeba 13. Safu imekwisha, hakuna tarakimu nyingine ya kuzidisha, na `if` yako inaichukua hiyo 13 nzima na kuitia katika chumba kimoja kipya. Hadi 14! hilo halikuwahi kutokea kwa kuwa kilichobaki mkononi mwishoni kilikuwa tarakimu moja kila mara. Kwa kanuni, kinachobebwa hakizidi n − 1: tarakimu kubwa ni 9, hivyo 9n ukijumlisha n − 1 unapata 10n − 1, na ukigawanya kwa kumi bila kuhesabu baki unapata n − 1. Kwa n ya 15 hicho kinaweza kufika 14, na kwa n ya 1000 kinaweza kufika 999, yaani tarakimu tatu zinazodai vyumba vitatu.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe, maana hapa ndipo nilipoangukia. Kosa hili halionekani kwenye skrini. Unapochapisha kutoka chumba cha mwisho kurudi cha kwanza kwa `%d`, chumba chenye 13 kinachapisha "13", kisha kinafuata 0, kisha 7, na jibu linasomeka 1307674368000, ambalo ni sahihi kabisa. Hatua inayofuata nayo ni sahihi, kwa sababu 13 iliyokaa mahali pa tarakimu moja bado ina thamani yake ileile. Kila hatua safu inaongezeka chumba kimoja tu, na mzigo wote uliobaki unarundikwa juu: kwenye 20! chumba hicho kina 243, kwenye 25! kina 15511. Nililinganisha 20! na jibu la `long long`, ambayo 20! ndiyo faktoria yake ya mwisho, zikalingana. Nikahesabu sifuri za mwishoni, nazo zikawa kamili, kwa kuwa vyumba vya chini havina kosa lolote. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vinatazama mahali pazima.

Ukifika 34! ndipo mambo yanaharibika. Chumba cha juu cha 33! kina 86833176. Zidisha kwa 34, ongeza 6 iliyobebwa, unapata 2952327990, na `int` ya biti 32 mwisho wake ni 2147483647. Katika C kufurika kwa namba yenye ishara hakuna matokeo yaliyohakikishwa, lakini kwenye mashine yangu kulitoka hivi:

```
-134263930-639604140847618609643520000000
```

Alama mbili za kutoa ndani ya faktoria, moja ikiwa katikati ya namba! Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini chumba cha tarakimu moja kimefurika. Mimi nilibadilisha `int` kuwa `long long`. Minasi zikatoweka, 34! ikatoka sawa, 40! sawa, 49! sawa, nikakabidhi kazi nikiwa mtu wa furaha tele. Zoezi lilisahihishwa kwa 50!. Na kwa hesabu zilezile, ukiwa na `long long` kufurika kunatokea hasa kwenye 50!, wala si mapema zaidi. Sijui kama msahihishaji alikusudia, ila nimechagua kuamini ni bahati mbaya, ili niweze kuendelea kumsalimia.

Lawama yangu kubwa ni kwa mkufunzi aliyetupatia msimbo ule. Yeye binafsi alikuwa akiweka tarakimu tisa katika kila chumba, yaani anagawanya kwa 1000000000 badala ya 10, na katika mpangilio huo `if` ni halali: kinachobebwa hakizidi n − 1, na n yake ilikuwa ndogo mno kuliko bilioni, hivyo chumba kimoja kinatosha daima. Kisha akatuambia, kwa ujasiri wa mtu asiyejaribu anachofundisha, "badilisheni bilioni iwe kumi ili muone tarakimu moja moja, mengine yaacheni yalivyo." Mengine yalivyo! Sharti pekee lililofanya mstari ule uwe kweli ndilo alilotuamuru tuliondoe. Nilipomwendea na karatasi yenye minasi katikati ya namba, aliniambia kompyuta yangu ina virusi.

Dawa ni kuendelea kubeba mpaka mkono uwe mtupu:

```c
while (c) {
    d[len++] = c % 10;
    c /= 10;
}
```

Na chini yake, kwa muda wote unaojaribu programu, weka ukaguzi wa kila chumba baada ya kila kuzidisha:

```c
for (i = 0; i < len; i++)
    assert(d[i] >= 0 && d[i] < 10);
```

Kwa msimbo wako wa sasa ukaguzi huo ungesimamisha programu kwenye 15! papo hapo, si kwenye 34!, wala si mbele ya msahihishaji. Ukiandika `while`, `x` haizidi kamwe 10n − 1, ambayo kwa n ya 1000 ni 9999. Kwa hiyo `int` ya kawaida inatosha na kubaki, na yeyote atakayekushauri upanue aina ya namba ujue anakuficha ugonjwa kama nilivyojificha mimi.

Ukubwa wa safu: 100! ina tarakimu 158 na 1000! ina 2568, hivyo 3000 inakutosha. Lakini usizihesabu tarakimu kwa macho kwenye skrini. Chapisha `len`: kwa 15! ni lazima iseme 13. Ikisema 12, bado hujaitoa ile `if`.