Jedwali lililonigeuzia jibu la faida linganishi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Nchi moja ikiishinda nyingine katika bidhaa zote mbili, kuna haja gani ya kufanya biashara?" Ujumbe huo umenigusa kidonda. Swali hilo niliwahi kulijibu kurasa mbili nzima, nikatoka chumba cha mtihani nikijiamini, kisha karatasi ikarudi imekatwa kuanzia mstari wa kwanza.

Hesabu zilikuwa zile za mwanauchumi David Ricardo za mwaka 1817, za kueleza faida linganishi, yaani kila nchi itengeneze bidhaa ambayo, ili kuipata, inaacha kidogo zaidi ya bidhaa nyingine kuliko mwenzake. Kutengeneza kiasi fulani cha kitambaa, Uingereza ilihitaji watu 100 kwa mwaka, na kiasi fulani cha mvinyo watu 120. Ureno ilihitaji 90 kwa kitambaa na 80 kwa mvinyo. Mimi nilizisoma kana kwamba ni bidhaa zilizozalishwa, nikaisifu Uingereza kwa kuwa na namba kubwa. Kumbe walikuwa watu! Namba kubwa hapo ni udhaifu, na kosa hilo moja liligeuza jibu lote: nikaipa Ureno kitambaa na Uingereza mvinyo.

Kwa hiyo nakusihi, kabla hujagawanya chochote, andika juu ya jedwali: "watu" au "bidhaa". Nimelipia somo hili kwa alama zangu.

Kisha jiulize kila nchi inaacha nini. Watu 100 wanaotengeneza kitambaa Uingereza wangeweza kutoa 100/120 ya kipimo cha mvinyo, yaani 0.83. Ureno, watu 90 wa kitambaa wangetoa 90/80, yaani 1.125. Ureno inatumia watu wachache zaidi kwa bidhaa zote mbili, lakini kila kitambaa kinaigharimu mvinyo mwingi zaidi. Ndiyo maana kitambaa ni cha Uingereza, na mvinyo ni wa Ureno.

Sasa faida iko wapi? Tuseme wanabadilishana kipimo kwa kipimo. Uingereza inatumia watu 100 kutengeneza kitambaa, inapata mvinyo ambao ungeichukulia watu 120, imeokoa 20. Ureno inatumia watu 80, inapata kitambaa cha watu 90; imeokoa 10. Hapo ndipo wengi wanaweka kalamu chini, wakati mtahini bado anasubiri mipaka ya bei. Kitambaa kimoja lazima kiuzwe kati ya mvinyo 0.83 na 1.125. Kikidaiwa mvinyo 1.3, Ureno itatumia watu 104 kuupata mvinyo huo, ilhali ingekitengeneza yenyewe kwa watu 90. Itakataa, na ina haki.

Nikujibu basi, ndugu msomaji: kuzidiwa kote hakuzuii biashara. Kinachoizuia ni uwiano kufanana. Ureno ingekuwa na 50 na 60, ingekuwa bora mara mbili katika kila kitu, lakini gharama ya kitambaa ingekuwa mvinyo 0.83 pande zote mbili, na hakuna ambaye angefaidika kwa kubadilishana.