Anwani 47 ni ya nani? Majibu kuhusu mtandao wa ofisini

"Mwajiri ametutumia ujumbe kwamba mtandao wa ofisi unarekodiwa kwa anwani. Wanasoma meseji zangu?" Msomaji, Igogo

Rekodi ya kawaida haina meseji. Ina mistari ya namna hii:

```
07:12:40 192.168.1.47 youtube.com 86MB
```

Yaani mashine yenye anwani inayoishia 47 ilifungua YouTube, ikavuta MB 86. Video gani, haionekani, kwa sababu https imefunga yaliyomo. Kompyuta ya kampuni ni habari nyingine, maana inaweza kuwa imewekewa cheti cha kampuni kinachofungua kurasa zako njiani. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, uangalie cheti kimetolewa na nani. Ukikuta jina la mwajiri wako kwenye ukurasa wa benki, ujue kurasa zinasomeka.

"Utumishi wameniita. Eti anwani yangu ilipakua filamu saa 07:12, na mimi saa moja asubuhi nilikuwa kwenye daladala natoka Igoma!" Mhasibu, Nyamagana

Usikimbilie kuitegemea hiyo daladala. Seva nyingi huandika saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. 07:12 ya seva ni 10:12 kwetu, saa nne na dakika 12, na saa hiyo ulishakaa mezani.

Utetezi wako uko kwingine. Niliwahi kuhudumia ofisi moja Kirumba wakamshika dada mmoja kwa anwani hiyohiyo, 47. Anwani pale ziligawiwa na ruta kwa saa nane tu. Ya dada ilikwisha usiku laptopu ikiwa imezimwa, na asubuhi akapewa 52. Ile 47 ikaenda kwa simu ya mtu mwingine iliyoingia Wi-Fi saa nne kasoro. Waliomtuhumu walisoma orodha ya wiki iliyopita!

Kwa hiyo omba rekodi ya ugawaji wa anwani (DHCP) ya siku na saa ileile, yenye namba ya kifaa (MAC). Linganisha na yako. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, uandike:

```
ipconfig /all
```

Namba iko kwenye "Physical Address". Simu za siku hizi hubadili namba hiyo kwa kila Wi-Fi, hivyo kwa simu angalia ile inayoonyeshwa kwenye mtandao wa ofisi.

"Nikifungua incognito je?"

Inaficha historia kwenye mashine yako tu. Ruta inaona vilevile.

"Mwajiri ana haki ya kufanya hivi?"

Kurekodi si kosa lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka ujulishwe taarifa zako zinakusanywa kwa lengo gani. Ujumbe unaosema "mtandao unafuatiliwa" halafu kimya, mimi nisingeusaini. Muulizeni nani anafungua rekodi, na inafutwa baada ya siku ngapi. Akigoma kujibu, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.