Sala ya anayemuuguza mama asiyemkumbuka

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana umri wa miaka 79 na huu ni mwaka wa nne tangu daktari atuambie kwamba ana ugonjwa wa usahaulifu, yaani dimenshia. Anatumia pia dawa za presha na kisukari. Mimi ni kitindamimba. Niliacha biashara yangu mjini Tanga nikarudi nyumbani kumtunza. Kila jioni ananishika mkono akitaka nimpeleke kwa mama yake, ambaye alifariki zamani, na mimi huniita kwa jina la marehemu dada yake. Kaka yuko Dar es Salaam, hutuma fedha. Dada anataka tumpeleke mama kwenye maombi ya kufunga siku tatu ili afunguliwe. Usiku mmoja, baada ya kubadilisha mashuka mara ya tatu, nilimwomba Mungu amchukue. Tangu hapo nikipiga magoti sipati neno. Naomba uniandikie sala. – Mchovu, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Sala nimeiandika na utaikuta hapa chini, lakini sina budi kuanza na ile uliyoisali usiku ule, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyokuziba mdomo. Nabii Elia aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na Musa, alipolemewa na watu aliokabidhiwa, alimwambia Mungu kwamba ni heri amuue kuliko kumwacha aone taabu ile. Hakuna kati yao aliyekataliwa kwa maneno hayo. Elia alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, na mazungumzo yakaja baadaye. Utasema kwamba wao walijiombea kifo chao wenyewe, ilhali wewe ulimwombea mama yako. Ni kweli, lakini mtu anayemtakia mzazi wake mabaya habadilishi mashuka mara ya tatu. Ulichoomba ni mateso yaishe, yake na yako, na kwa saa ile hukuona mlango mwingine yangeweza kutokea. Mungu anaweza kuisikia sala hiyo bila kukuhesabia kosa. Jambo moja tu nakusihi: siku utakapoona mkono wako unataka kumsukuma, au wazo la kumdhuru au kujidhuru linarudi na kukaa, mketishe mahali salama, toka chumbani, na umwambie mtu siku hiyohiyo. Hilo si la kuombea peke yako.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja kwa jina, nalo ni kwamba uko katika msiba. Kwetu mtu akifiwa, majirani hukusanyika, turubai hufungwa, watu hutoa rambirambi na kulala matanga, na mfiwa huruhusiwa kulia mbele za watu. Msiba wako hauna hata kimoja cha hivyo, kwa sababu mama yupo, anakula uji na kuota jua barazani. Ulimpoteza aliyekuwa akikupa ushauri wa biashara, kisha ukampoteza aliyejua jina lako, na kila mara ulipozoea pengo moja likafunguka lingine, wala hakuna aliyekuja kukuambia pole. Ndiyo maana sala za msibani hazikutoshi, na sala za kumwombea mgonjwa apone zinakuumiza, kwa kuwa ugonjwa huu, kwa tiba tulizo nazo, haurudi nyuma. Dawa chache zilizopo huweza kumsaidia mgonjwa kwa muda, lakini haziwezi kurudisha kilichokwisha kuharibika katika ubongo. Kwa hiyo sikukuandikia sala ya kuomba mama awe kama zamani. Nimekuandikia sala inayoomba yale ambayo jioni moja inaweza kuyapokea.

Ee Bwana, mimi nimechoka, na wewe wajua, kwa maana usiku wa jana hukulala wewe pia.
Mama yangu amenisahau. Ananitazama na kumwona mtu mwingine, na mimi naitikia jina lisilo langu. Ulisema kwa kinywa cha Isaya kwamba mwanamke aweza kumsahau mwana wa tumbo lake, bali wewe hutasahau. Basi utukumbuke sisi wawili: yeye asiyejikumbuka, na mimi nisiyekumbukwa naye.
Namlilia akiwa hai, Bwana, na watu hawaelewi kilio changu. Kipokee wewe.
Nilikuomba umchukue. Sikuficha wakati ule na sifichi sasa. Uyatenge maneno yangu na uchovu wangu, na saa yake uiweke mikononi mwako, ili nisiibebe mimi.
Siombi nguvu za mwaka mzima. Nipe za jioni hii: sauti isiyopanda akiniuliza lile lile mara ya kumi, mikono isiyo na haraka nikimwogesha, na usingizi walau kidogo kabla hajaamka.
Nilipomkaripia leo, unisamehe. Na kama yeye amekwisha kusahau, usiache hofu ibaki moyoni mwake.
Umtume mtu wa kunipokea, nami unipe unyenyekevu wa kumkubali.
Amina.

Usiisome yote kila siku. Siku nyingine utakuwa na nafasi ya sentensi moja tu, huku umeshika beseni, na sentensi hiyo inatosha. Ile ya hofu kubaki moyoni sikuiweka kwa kupamba. Mgonjwa wa usahaulifu hupoteza kumbukumbu ya tukio upesi, lakini hisia iliyoletwa na tukio hilo huweza kukaa naye muda mrefu baada ya tukio lenyewe kufutika. Anaweza kushinda na huzuni asiyojua imetoka wapi, na vivyo hivyo anaweza kushinda na utulivu asioukumbuka chanzo chake. Ndiyo sababu nataka pia usali pamoja naye, na wakati unaofaa ni kabla ya ile saa ya kutaka kwenda kwa mama yake.

Hali hiyo ya jioni ni ya kawaida katika ugonjwa huu. Mgonjwa amechoka, mwanga unapungua, vivuli vinamtisha, na nyumba aliyoishi miaka mingi inaanza kuonekana ya kigeni. Washa taa kabla giza halijaingia, mpe chakula mapema, punguza kelele za redio na watu, kisha keti mbele yake mahali anapouona uso wako. Akimuulizia mama yake, usimwambie kwamba alifariki, kwa sababu kila ukimwambia anafiwa upya. Mwulize mama yake alikuwa akipika nini, au alimfundisha wimbo gani. Huko si kumdanganya. Anatafuta mahali pa salama, na wewe unamkaribisha hapo kwa njia ambayo bado anaijua.

Kisha anza Baba Yetu, taratibu, kwa maneno yaleyale aliyofundishwa utotoni, na kama alisali kwa Kibondei au Kisambaa, tumia lugha hiyo. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula mambo ya karibuni, na yale yaliyorudiwa tangu utoto, kama sala, tenzi na mapigo ya nyimbo, mara nyingi hudumu hata mazungumzo yanapokuwa yamekatika. Usishangae mtu asiyeweza kukuambia amekula nini akimaliza ubeti mzima. Akiruka mstari usimsahihishe, na akinyamaza endelea wewe. Usimlazimishe kufumba macho, wala usiruhusu watu wengi wamzunguke na kumwekea mikono kwa sauti kubwa, kwa maana yeye hawatambui na anaweza kudhani anashambuliwa. Akianza kukunja uso au kuvuta nguo, imba kidogo kisha acha. Dakika tano zinatosha.

Hapo ndipo linapoingia suala la dada yako, ambalo kwangu halina mjadala: mama asifungishwe. Mzee kama yeye hahisi kiu kama kijana, na upungufu wa maji peke yake humzidishia kuchanganyikiwa. Anatumia dawa za kisukari, na baadhi ya vidonge hivyo vikimezwa bila chakula hushusha sukari hadi mtu akatetemeka, akatoka jasho, akasema ovyo, na hata akazimia. Nahofia kwamba katika mkesha wa maombi dalili hizo zitaitwa pepo linalotoka. Mwambie dada kwa upole kwamba mama hakurogwa wala hakufungwa, bali seli za ubongo wake zinakufa, na kwamba kama anataka kufunga, afunge yeye kwa niaba ya mama, kisha mchana wa siku hizo tatu aje amlishe. Naamini atakubali, maana anayependekeza kufunga mara nyingi ni mtu asiyejua asaidie vipi.

Kuna hali moja ambayo sala haipaswi kutangulia safari ya hospitali. Ugonjwa huu kwa kawaida hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Ukiona mama amebadilika ndani ya saa chache au siku mbili, yaani amelala mno, haamki vizuri, anaona watu wasiokuwapo ambao jana hakuwaona, au ameacha kula ghafla, usiseme ni usahaulifu umezidi. Mpime sukari kama una kipimo, kisha mpeleke apimwe. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kigumu cha siku nyingi au dawa mpya, na kwa mzee homa inaweza isiwepo. Kukojoa kitandani mara tatu kwa usiku mmoja, kama halikuwa jambo la kawaida yake, nako ningelimweleza daktari, kwa kuwa maambukizi na sukari iliyopanda vyote vinaweza kuleta hali hiyo. Na tafadhali usimpe zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, kama klofeniramini ambayo wengi huiita piritoni, ili alale. Humchanganya zaidi na kumwangusha anapoamka usiku.

Mwisho ni kaka. Katika sala nimeandika, "Umtume mtu wa kunipokea," na usikae ukingoja malaika ilhali una namba yake ya simu. Usimwambie kwamba umechoka, maana atajibu kwa kutuma fedha. Mwambie siku na saa: aje Ijumaa jioni ya wiki ya mwisho ya kila mwezi, alale chumbani kwa mama hadi Jumapili alasiri, na wewe uende Tanga kulala kwa rafiki. Akisema kazi haimruhusu, fedha anazotuma zimlipe mtu wa kukesha na mama usiku mbili kwa wiki, mtu ambaye mama atamzoea kwanza mchana wewe ukiwapo. Mwandikie sasa, kabla ya jioni, na umwekee na zile sentensi chache za jinsi ya kumjibu mama akiuliza njia ya kwenda kwao.